Ukurasa mmoja wa biashara ya nyumbani kwa alasiri moja: maswali tunayoulizwa sana hapa Lamu

Maswali haya nimeyakusanya kwa watu wa mtaani: wapishi wa mahamri na halwa, wafumaji, washonaji wa madera, vijana wanaowasaidia mama zao. Kila ninapoeleza natumia mfano mmoja, ukurasa wa shangazi yangu wa Langoni anayetengeneza achari ya embe na ya ndimu nyumbani kwake. Tuliutengeneza alasiri moja kwa Google Sites, chombo cha bure cha kutengeneza kurasa za mtandao, na mambo mengi ya humu tulijifunza siku hiyo au wiki zilizofuata.

## Kabla ya kuanza

Nina WhatsApp na Facebook. Ukurasa wa nini tena?

Ikiwa wateja wako wote ni wa mtaa na wanakujua kwa jina, huuhitaji. Endelea na WhatsApp.

Ukurasa una faida pale mtu asiyekujua anapotaka kukuamini kabla hajakuandikia. Shangazi alianza kupata wateja wa namna hiyo: jamaa wa Mombasa waliokula achari yake kwenye harusi, wageni wanaolala Shela, mtu wa Nairobi aliyepewa namba na rafiki. Wote waliuliza maswali yaleyale, naye akawa anayajibu moja baada ya jingine mkono ukiwa na pilipili. Sasa anatuma kiungo kimoja. Anayebaki na swali baada ya kusoma huwa ni mteja kweli.

Kwa nini Google Sites na si chombo kingine?

Kwa sababu ni bure bila tangazo la mtu mwingine juu ya ukurasa wako, na hakina siku za majaribio zinazoisha. Ukiwa na anwani ya Gmail, umeshasajiliwa.

Kina mipaka yake. Hakina kapu la kununulia wala njia ya kulipia ndani ya ukurasa, sura zake ni chache, na anwani unayopewa ni ndefu kidogo: `sites.google.com/view/` kisha jina lako. Kwa mtu anayeuza chupa thelathini kwa wiki na kupokea oda kwa WhatsApp, hayo hayamzuii kitu. Anayeuza bidhaa mia mbili zenye saizi na rangi atafute chombo cha duka.

Naweza kutumia simu peke yake?

Kuutazama, ndiyo. Kuutengeneza, tumia kompyuta. Nimewaona watu wakihangaika kuhariri kwa simu mpaka magharibi, kidole kikifunika kila kitu wanachokishika. Azima kipakatalishi au nenda saiba.

Ukienda saiba, chukua simu yenye laini yako, kwa maana Google huenda ikataka uthibitishe kwa simu kwamba ni wewe. Fungua dirisha la `Incognito`, usikubali kivinjari kihifadhi neno la siri, na ukimaliza toka kwenye akaunti yako kabla ya kuinuka kitini.

Akaunti iwe ya nani?

Iwe ya biashara yenyewe: Gmail mpya ambayo mwenye biashara anajua neno lake la siri na simu yake ndiyo ya kuifufulia. Hili nalisisitiza, kwa sababu kwa kawaida kijana ndiye anayetengeneza, na anatumia akaunti yake mwenyewe. Akishakwenda bara kusoma, mama hawezi kubadili hata bei. Kijana apewe haki ya kuhariri tu, kupitia `Share with others`.

## Alasiri yenyewe

Nianze na nini?

Usianze na kompyuta. Anza na simu. Fungua mazungumzo ya wateja wako kumi wa mwisho na uandike kwenye karatasi kila walichouliza. Kwa shangazi yalitoka haya: bei gani, chupa ina ukubwa gani, ni kali kiasi gani, inakaa muda gani, niifuate wapi, unaweza kunitumia Mombasa. Maswali sita. Hayo sita ndiyo ukurasa mzima, na kwa mpangilio huohuo.

Nilitaka kuanza na historia yake, jinsi alivyofundishwa na mama yake. Ni hadithi nzuri na imo kwenye ukurasa, ila iko chini, sentensi mbili. Hakuna aliyewahi kuiuliza kabla ya kuuliza bei.

Karatasi ilituchukua muda mrefu kuliko kompyuta. Tulikaa baada ya adhuhuri, saa nane tukaandika, saa tisa tukapiga picha, saa kumi ndiyo tukafungua kipakatalishi. Kabla ya magharibi ukurasa ulikuwa hewani.

Picha nizipigeje bila kamera?

Simu inatosha, mwanga ndio kazi. Jikoni taa huifanya achari ionekane nyeusi, na juani kioo cha chupa kinang'aa mpaka yaliyomo hayaonekani. Tulizipiga dakani, pale kivulini penye mwanga wa nje unaoingia kutoka upande mmoja. Nyuma ya chupa tuliweka mkeka mtupu. Chupa moja tuliifungua, tukamimina kidogo kwenye kisahani cheupe, ili mafuta na vipande vya embe vionekane. Picha ya kisahani ndiyo watu wanayoitaja hadi leo.

Picha tatu au nne zinatosha. Ya juu kabisa ipige kwa simu ikiwa imelala, maana sehemu ya juu ya ukurasa ni pana na fupi, na picha iliyosimama itakatwa kichwa na miguu. Futa kioo cha kamera kwanza; ukungu mwingi wa picha za jikoni ni alama ya kidole.

Nikishafungua Google Sites, nabonyeza wapi?

Nenda `sites.google.com/new` na ubonyeze kadi yenye alama ya kujumlisha. Utaona ukurasa mtupu, na kulia kwake safu yenye `Insert`, `Pages` na `Themes`. Karibu kazi yote utaifanya kwenye `Insert`.

Palipoandikwa kichwa cha ukurasa, andika unachouza na mahali ulipo. Tuliandika "Achari ya embe na ndimu, Lamu". Jina la biashara peke yake halimwambii mgeni kitu. Peleka mshale kwenye sehemu hiyo ya juu, chagua `Image`, kisha `Upload`, na uweke ile picha pana.

Chini yake weka `Text box` ya bei. Usitengeneze jedwali, kwenye simu majedwali hubanana. Mistari miwili ya kawaida inasomeka vizuri: chupa ya gramu 250 shilingi 200, chupa ya gramu 500 shilingi 350. Mara tu baada ya bei weka kitufe cha kuagiza, kama nitakavyoeleza kwenye swali linalofuata, kisha picha, ukali, namna ya kuhifadhi, mahali pa kufuata na usafirishaji.

Kitu kimoja kizuri kwenye `Insert` ni `Collapsible group`: kichwa kinachofunguka kikiguswa. Tuliyaweka humo maelezo ya usafirishaji, kwa kuwa ni marefu na yanawahusu wa mbali tu.

Kazi inajihifadhi yenyewe kadiri unavyoandika. Umeme ukikatika, na hapa unakatika, ukirudi utaikuta ulipoiacha.

Kitufe cha WhatsApp kinatengenezwaje?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, basi tuende polepole. WhatsApp ina anwani maalumu inayoanza na `https://wa.me/` ikifuatiwa na namba yako. Namba iandikwe kwa mtindo wa kimataifa: ondoa sifuri ya mwanzo, anza na 254, usiweke alama ya kujumlisha, nafasi wala kistari. Namba inayoanza na 07 inakuwa 2547, na ile ya 01 inakuwa 2541.

Baada ya namba unaweza kuongeza ujumbe ambao mteja ataukuta umeshaandikwa, abaki kujaza na kutuma. Ndani ya kiungo nafasi kati ya maneno huandikwa `%20`, na nukta mbili huandikwa `%3A`. Cha shangazi kiko hivi, weka namba yako mahali pa herufi X:

```
https://wa.me/2547XXXXXXXX?text=Salamu.%20Nataka%20achari%20ya%20embe.%20Chupa%20ngapi%3A
```

Rudi kwenye `Insert`, bonyeza `Button`. Kwenye `Name` andika "Agiza kwa WhatsApp", kwenye `Link` bandika kiungo chako, kisha `Insert`. Weka kitufe kimoja baada ya bei na kingine kilekile mwisho wa ukurasa, ili aliyesoma mpaka chini asilazimike kupanda juu.

Ule ujumbe ulioandikwa tayari una kazi ya pili: ukiingia kwenye simu ya shangazi, anajua mtu huyu ametoka kwenye ukurasa na ameshaiona bei. Hamwanzii mbali.

Nitajuaje kwamba kitufe kinafanya kazi?

Kijaribu kwa simu ya mtu mwingine. Ukikigusa kwa simu yenye namba hiyohiyo utakuwa unajiandikia mwenyewe na hutajua lolote. Ikiwa WhatsApp inalalamika kuwa namba si sahihi, karibu kila mara ni sifuri uliyosahau kuiondoa baada ya 254. Ikiwa inafungua mazungumzo na mtu usiyemjua, tarakimu imekosewa. Irekebishe upesi, kuna mtu mahali atakayeombwa achari usiku kucha.

Mahali nilipo nieleze vipi? Niweke ramani?

`Insert` ina `Map`, na mjini kwingine inafaa. Mji wa Lamu una vichochoro ambavyo mtu na punda hupishana kwa taabu, na pini ya ramani ikikosea mita ishirini inamtupa mgeni mtaa wa pili, nyuma ya ukuta. Maneno yanaongoza vizuri zaidi. Anzia mahali ambapo kila mtu anafika: Mkunguni mbele ya Ngome, au gati, au Msikiti wa Riyadha. Kisha hesabu kona, taja mlango, taja duka.

Kabla ya kuchapisha, mpe maelezo yako mtoto wa jirani au mgeni ayafuate kwa miguu bila msaada. Maelezo yetu ya kwanza yalisema "pinda kushoto baada ya kisima". Aliyetoka Mkunguni alipinda sawa. Aliyetoka Riyadha, kushoto kwake kulikuwa kwingine. Tukaandika upya: "ukitoka Mkunguni, ukifuata Usita wa Mui…" na neno hilo la "ukitoka" ndilo lililoponya.

Sitaki watu nisiowajua wafike nyumbani. Nifanyeje?

Ni haki yako, na nyumba nyingi za hapa mchana zina wanawake na watoto peke yao. Usiandike maelezo ya nyumba kabisa. Andika mahali pa kukutana na wakati: "Mkunguni, kila siku baada ya alasiri", au duka la jamaa atakayekushikia chupa. Sura yako pia si lazima iwe kwenye ukurasa. Mikono inayokata maembe inatosha kuonyesha kuwa kuna mtu.

Namba nayo ni bora iwe ya laini ya pili, ukaiweka kwenye WhatsApp Business, ambayo nayo ni ya bure na inaweza kujibu yenyewe saa umelala.

## Kuchapisha

Nichague anwani gani?

Ukibonyeza `Publish` utaulizwa `Web address`, yaani lile neno la mwisho la anwani. Tumia herufi ndogo, na kistari kati ya maneno, mfano `achari-langoni`. Likiwa limeshachukuliwa, ongeza mji. Lisome kwa sauti kwa mtu aliye upande wa pili wa simu; asipoweza kuliandika kwa kusikia, lifupishe.

Unaweza kulibadili baadaye, lakini kiungo cha zamani kitakufa, pamoja na kila karatasi uliyobandika kwenye chupa. Basi kaa na jina siku moja kabla ya kuchapa lebo.

Ukitaka anwani fupi yako mwenyewe, kama ile inayoishia na `.co.ke`, utainunua kwa mwaka kwa wakala wa majina ya mtandao kisha uiunganishe kwenye mipangilio. Ni gharama pekee katika habari hii yote, na haina haraka.

Nimechapisha, lakini watu wanaambiwa waombe ruhusa. Kwa nini?

Ukurasa umechapishwa kwa watu maalumu tu. Wewe huoni tatizo kwa sababu umeingia kwa akaunti yako. Bonyeza `Share with others`, tazama mstari wa `Published site`, na uufanye `Public`. Rasimu iache imefungwa. Mstari wake ni mwingine. Kisha fungua kiungo kwenye dirisha la `Incognito`: ukiona achari, na wengine wanaiona.

Kwenye kompyuta ni mzuri, kwenye simu umevurugika.

Wateja wako karibu wote wako kwenye simu, kwa hiyo hukumu ni ya simu. Kabla ya kuchapisha, bonyeza alama ya `Preview` juu na uchague umbo la simu. Vitu ulivyoviweka ubavu kwa ubavu vitapangwa kimoja chini ya kingine, kwa kawaida cha kushoto kikitangulia. Shangazi alikuwa na picha mbili kushoto na kulia, bei zikiwa chini ya kila moja. Kwenye simu bei ya ndimu ikaangukia chini ya embe. Tulivunja mpangilio huo, tukaweka kila kitu kwenye safu moja. Ukurasa wa safu moja hauna pa kuvurugikia.

Nimebadili bei, mteja bado anaona ya zamani.

Kuhariri hakutoshi, lazima ubonyeze `Publish` tena. Unachokiona ukiwa unahariri ni rasimu, na watu wanaona kile ulichochapisha mara ya mwisho. Sisi tulipandisha chupa kubwa kutoka 350 hadi 400, tukafunga kompyuta, na siku ya tatu akaja mteja na simu mkononi akionyesha 350. Shangazi alimuuzia kwa 350, maana ndiyo iliyoandikwa. Tangu hapo, kila badiliko hatuliamini mpaka tulione kwenye simu ya mtu mwingine.

## Malipo, kutuma na wateja wa mbali

Watu watalipaje?

Nje ya ukurasa, kwa M-PESA, baada ya kuzungumza. Tunashauri namba ya Till au Pochi la Biashara kuliko kutumiwa kwenye laini ya kawaida, ili fedha za biashara zisichanganyike na za sokoni. Kwenye ukurasa tuliandika tu "Malipo ni kwa M-PESA, namba utapewa ukishathibitishiwa oda." Hivyo hakuna anayelipia chupa ambazo hazipo, nawe huingii kazi ya kurudisha fedha.

Niandike nini kuhusu kutuma Mombasa au Nairobi?

Andika safari yenyewe, maana wa mbali hawaijui. Chupa inatoka Langoni kwa mkono hadi gatini, inavuka kwa boti hadi Mokowe, inapanda basi. Kwa hiyo oda ya jioni haiwezi kuwahi basi la asubuhi inayofuata isipofungwa usiku. Tuliandika: oda ikifika kabla ya alasiri na imelipwa, inaondoka kesho yake, nauli ya kifurushi ni juu ya mnunuzi na ataambiwa kabla ya kulipa. Usitaje bei ya nauli kwenye ukurasa, inabadilika.

Andika pia kinachoweza kuharibika. Achari ina mafuta, na kifuniko kilicholegea kinamaliza mkoba wa mtu. Shangazi anafunga kifuniko kwa utepe, kisha mfuko, na picha ya chupa iliyofungwa iko ndani ya lile kundi linalofunguka.

Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Lugha ya wanaonunua sana ije kwanza. Kwetu ni Kiswahili, na chini kabisa kuna aya moja ya Kiingereza kwa wageni wa Shela: ni nini, bei gani, ni kali, wapi pa kuichukua. Usitafsiri ukurasa mzima; utakuwa na bei mbili za kukumbuka kubadili, na moja utaisahau.

## Mambo ya pembeni

Nikitafuta Google siuoni ukurasa wangu.

Ukurasa mpya huchukua siku au wiki kuonekana, na hakuna anayeahidiwa nafasi ya juu. Hakikisha wakati wa kuchapisha hukuweka alama kwenye kisanduku cha kuziomba injini za utafutaji zisiuonyeshe. Zaidi ya hapo, tuma kiungo mwenyewe: kwenye maelezo ya WhatsApp, kwenye lebo ya chupa, kwa kila anayeuliza bei.

Naweza kuandika kuwa chakula changu kimethibitishwa?

Ikiwa una cheti, ndiyo, na weka namba yake. Ikiwa huna, usiweke alama ya KEBS wala neno linalofanana nalo, hata kama uliiona kwenye lebo ya mwingine. Andika viungo vilivyomo na tarehe ya kutengenezwa. Mnunuzi makini anavitafuta hivyo. Maneno ya dawa, kwamba inatibu tumbo au presha, usiyaguse.

Nisipougusa kwa muda mrefu utapotea?

Akaunti ya Google isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Ile Gmail ya biashara ikiwa haitumiki kwa jambo jingine, ingia humo kila unapobadili bei, na utakuwa salama.

Maembe yakiadimika, niufute?

Usiufute, anwani iko kwenye chupa za watu. Kwa mapumziko mafupi badilisha mstari wa bei: "Ya embe imekwisha, ya ndimu ipo", na ubadili maneno ya kitufe na ya kiungo yataje ndimu. Kwa mapumziko marefu, mshale ulio kando ya `Publish` una `Unpublish`. Unauondoa ukurasa hewani, rasimu inabaki. Shangazi hakuutumia. Aliandika, "Niandikie jina lako, embe zikija nitakujulisha," na msimu uliofuata alianza akiwa na orodha.